Mfumo unasema "Delivered", mteja anasema hajapata: fanya hivi

Nauza vikapu vya milulu kutoka Iringa, na mizigo yangu mingi inakwenda Mbeya, Dodoma na Dar. Kila baada ya miezi michache napata ujumbe wa aina hii: "Dada, mbona mzigo wangu haujafika?" Naingiza namba ya mzigo kwenye tovuti ya kampuni ya vifurushi, nakuta imeandikwa `Delivered`. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunapiga skrinishoti, tunamrushia mteja na kumwambia "mbona umeshapokea". Ukisema hivyo umeshamwita mwongo, na kuanzia hapo mnagombana wakati mzigo hautafutwi na mtu.

`Delivered` ina maana moja tu: mtu wa kampuni amebonyeza kwamba ameukabidhi. Aliyepokea anaweza kuwa mteja, jirani, mlinzi au mtu wa mtaa mwingine kabisa. Kazi yako ni kumjua huyo aliyeushika mwisho. Nitaeleza kwa mzigo mmoja: vikapu vitatu vya shilingi 135,000, kwa mteja anayefanya kazi kwenye ofisi moja pale Forest, Mbeya.

Hatua ya 1: Jibu haraka, usiahidi kitu

Nilimwandikia hivi: "Pole sana dada. Kwenye mfumo naona umeshakabidhiwa, ila sijajua ulikabidhiwa kwa nani. Nafuatilia leo, kesho saa nne asubuhi nitakupa jibu. Naomba uniandikie tena namba yako ya simu na mahali ulipotaka uletewe."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mwache aandike mwenyewe kabla hujamwonyesha ulichoandika wewe, maana utakihitaji kwenye hatua ya 3. Hela usirudishe kwanza, na mzigo mwingine usitume. Ukirudisha leo na vikapu vikaonekana kesho, kuzidai tena hizo hela ni kesi nyingine.

Hatua ya 2: Soma safari nzima, hasa saa

Usiishie kwenye mstari wa mwisho. Wa kwangu ulikuwa hivi:

```
12 May 17:45  Picked up         IRINGA
13 May 06:10  Arrived           MBEYA
13 May 07:30  Out for delivery  MBEYA
13 May 08:20  Delivered         Recv: J.M.
```

Angalia kwanza kama mji ni wenyewe. Kisha angalia kama kuna `Out for delivery` kabla ya `Delivered`, na muda kati yake unaingia akilini. Ukikuta mzigo umefika mjini na dakika hiyohiyo umeandikwa umekabidhiwa, au umekabidhiwa saa tatu usiku kwenye ofisi, shuku kwamba dereva amefunga orodha yake ya siku huku mzigo ungali kwenye gari au stoo. Hiyo ni habari njema, maana mara nyingi mzigo bado upo.

Wangu haukuwa na dalili hiyo. Kilichotuchanganya ni saa. Mteja alipoiona 08:20 aliisoma saa nane na dakika 20, akanijibu kwa hasira kidogo: "Saa nane nilikuwa nimekaa mapokezi nakula, hakuja mtu yeyote." Alikuwa anasema kweli. Ila 08:20 ni saa mbili na dakika 20 asubuhi, na muda huo yeye alikuwa bado kwenye daladala kutoka Uyole. Tulipoteza nusu siku tukibishana kuhusu muda ambao mzigo haukuwepo pale. Siku hizi simtumii mteja saa ya kwenye mfumo bila kuigeuza.

Hatua ya 3: Linganisha risiti na maneno ya mteja

Chukua risiti ya mzigo, iweke pembeni ya alichokuandikia. Soma namba ya simu tarakimu moja moja. Ukikuta wewe ndiye uliyekosea, tafuta mzigo kwa gharama yako, na usipopatikana mlipe. Usimzungushe.

Hatua ya 4: Piga ofisi ya kule mzigo ulikofika

Ofisi ya hapa kwako itakusomea kilekile ulichokiona kwenye simu. Piga ya kule, omba vitu vitatu: jina la aliyesaini, picha au saini yenyewe, na namba ya dereva aliyeupeleka. Ukimaliza kuongea, andika maombi hayohayo kwa barua pepe au WhatsApp ili tarehe ibaki.

Ukimpata dereva, usimuulize "ulimpa nani?" kwa sauti ya polisi. Muulize mahali palikuwaje. Mimi niliuliza geti lina rangi gani na aliyepokea alikuwa mwanamke au mwanaume. Akasema: "Geti jeusi, mama. Simu ya mteja iliita tu, nikampa mlinzi, mzee mmoja mwenye koti refu la kijani." Dereva ambaye hakufika hawezi kukupa koti.

Hatua ya 5: Rudi kwa mteja na swali

"Dada, hapo kwenu kuna mlinzi mzee anayevaa koti refu la kijani?" Akajibu yupo, ila ni wa usiku. Asubuhi ile mwenzake alichelewa kumpokea, basi mzee akasaini, akausukuma mzigo chini ya benchi kwenye kibanda, akaenda mapumziko yake ya siku mbili. Mlinzi wa mchana hakuambiwa. Vikapu vilikuwa palepale, hatua chache kutoka mapokezi alipokuwa anakula.

Hatua ya 6: Usipopatikana

Kama dereva alimpa mtu asiyehusika, andika dai siku hiyohiyo. Ambatanisha risiti, ujumbe wa malipo na picha za bidhaa. Geuza risiti, usome nyuma: muda wa mwisho wa kudai na kiwango cha fidia viko huko. Kama uliandika thamani ndogo ili ulipie kidogo, usitarajie kulipwa bei halisi. Kampuni ikikaa kimya, peleka lalamiko TCRA, ambao ndio wanaotoa leseni za vifurushi; watataka kuona kwamba ulianzia kwa kampuni.

Na mteja je? Kuna wauzaji wanaojikinga na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwamba kumkabidhi msafirishaji kwa kawaida huhesabika umemkabidhi mnunuzi. Ni kweli, lakini kama ulimwahidi kumfikishia mlangoni, kinga hiyo inalegea. Mimi huwa namlipa mteja, kampuni nabaki nayo mwenyewe, kwa sababu aliyewachagua ni mimi.

Kama saini ni ya mteja na dereva ana kumbukumbu kwamba simu ilipokelewa, mwombe aandike maelezo mafupi yenye jina na saini kwamba hajapokea, umwambie utayatumia kuchukua RB polisi. Aliyedhulumiwa kweli huandika bila shida. Wawili niliowahi kuwaomba kwenye hali hiyo, mmoja alinyamaza, mwingine mzigo "ukaonekana kwa shemeji". Usimwanike Instagram kama tapeli. Ukiwa umekosea, mdaiwa ni wewe.

Hatua ya 7: Mzigo unaofuata

Juu ya boksi sasa naandika kwa kalamu nene: "MPE MWENYEWE TU. ASIPOPOKEA SIMU, NIPIGIE", na namba yangu chini. Naupiga picha mzigo ukiwa kwenye mizani, uzito uonekane. Jioni mzigo ukiondoka, mteja anapata ujumbe: "Utafika kesho kati ya saa moja asubuhi na saa sita mchana, simu iwe karibu. Mwambie na mlinzi."