Kabla hujasahihisha sentensi ya mtihani, angalia kwanza nani amekaa karibu na nani

Vijana wa fomu foo mnaoingia kwenye 021, mtihani wa Kiswahili, mwezi wa 11, na nyie mnaowasomesha twisheni huku Ngamiani na Makorora, leo naongelea kitu kimoja tu, zile sentensi ambazo kila neno ni sahihi, spelingi sahihi, upatanisho sahihi, ila neno moja limekaa pasipo pake. Swali linaweza kuja kwa sura mbili, au wanakwambia sahihisha sentensi, au wanakwambia toa maana mbili za sentensi hii, na vijana wengi wanasoma kama mada mbili tofauti, wakati chanzo chake mara nyingi ni kilekile.

Kitu cha kwanza kabla hujaandika chochote, tafuta nomino zote zilizomo kwenye sentensi halafu jiulize zipo ngeli gani. Najua mtaona ngeli tena, tumeshachoka nayo, lakini hapa ndo penyewe. Kiswahili kinabebwa sana na upatanisho, ndo maana tunaweza kuyahamisha maneno hovyo mtaani na bado tukaelewana. Chukua "vitabu vya walimu vizuri". Mpangilio wake si mzuri lakini hakuna mtu atakaepotea, ile vi- ya vizuri inakwambia wazi kinachosifiwa ni vitabu. Sasa chukua "watoto wa walimu wazuri". Wazuri ni nani hapo, watoto au walimu? Huwezi kujua, kwa sababu nomino zote mbili ni za ngeli moja na wa- inamfaa yeyote. Kwaiyo nomino zikiwa ngeli tofauti kosa la mpangilio linabaki kuwa la kuudhi masikio tu, zikiwa ngeli moja, na zote umoja au zote wingi, upatanisho umeshakufa na kilichobaki cha kukuokoa ni mpangilio peke yake. Mtunga swali analijua hilo vizuri, ndo maana ukiona watu wawili, au wanyama wawili, au mtu na mnyama kwenye sentensi ya mtihani, simama kidogo.

Dawa ya vivumishi haina mambo mengi. Sifa ikae na nomino yake kabla hujaweka lile fungu la "wa, ya, za, cha". Mtu ameandika "Duka hili linauza nguo za watoto nzuri", wewe unaandika "Duka hili linauza nguo nzuri za watoto", umemaliza. Ila msikariri kama kasuku, kuna mahali lile fungu la "ya" limeshaungana na nomino likawa jina moja la kitu, mfano mafuta ya taa. Hapo "mafuta ya taa machafu" ni sawa kabisa, na ukilazimisha "mafuta machafu ya taa" utasikia mwenyewe limekataa. Chumba cha kulala nacho kinakubali pande zote mbili, "chumba cha kulala kikubwa" na "chumba kikubwa cha kulala", hakuna wa kukunyima maksi.

Vivumishi vikiwa vingi kwenye nomino moja, kinachotakiwa kuigusa nomino ni kimilikishi. "Mashua yangu mpya", sio "mashua mpya yangu". Sifa na idadi zinaweza kupishana, "watoto wangu wawili wadogo" au "watoto wangu wadogo wawili", zote zinasemwa na zote zinaandikwa. Ukiwa na maelezo marefu ya "ambao" au "walio-" yapeleke mwisho kabisa, "watoto wangu wawili wadogo wanaosoma Pangani", ukiyaingiza katikati msomaji anashindwa kujua idadi ni ya nini. Na "kila" hutangulia siku zote, kila mtu, kila siku, hilo hata mtoto wa darasa la pili halimsumbui, tupite.

Sasa tufanye moja mpaka mwisho. Sentensi ni hii: "Mwalimu aliwaambia jana watoto wa wavuvi wadogo waje shule." Wanasema eleza utata uliomo kisha uiandike upya iwe na maana moja.

Unaanza na nomino. Mwalimu, watoto, wavuvi, shule. Watoto na wavuvi ni ngeli moja, wingi wote, na nyuma yao kuna "wadogo". Hapo ndo pana moto. Maana ya kwanza, watoto ndo wadogo, yaani wale wa chekechea wa wavuvi wa Mwambani. Maana ya pili, wavuvi ndo wadogo, na hii ya pili nayo ina mambo yake kwa sababu kwa sisi watu wa pwani mvuvi mdogo sio mfupi wala sio mtoto, ni mvuvi wa ngalawa na nyavu chache, asie na meli. Ukiandika kwenye majibu kwamba wavuvi wana miaka michache umejipunguzia maana inayoingia akilini zaidi. Andika maana zote mbili kwa sentensi kamili, usiandike "watoto wadogo / wavuvi wadogo" halafu ukaacha, anaesahihisha anataka kuona umeelewa.

Kuiandika upya, ukitaka maana ya kwanza ni rahisi, unahamisha kivumishi: "watoto wadogo wa wavuvi". Ukitaka maana ya pili ndo watu wanapokwama, wanaiandika vilevile ilivyokuwa halafu wanaamini wamesahihisha, kisa "wadogo" limekaa karibu na "wavuvi". Limekaa karibu ndiyo, lakini lilikuwa limekaa hapohapo tangu mwanzo na utata ulikuwepo! Hapo kuhamisha neno hakutoshi, inabidi uvunje fungu lenyewe: "watoto ambao wazazi wao ni wavuvi wadogo". Sasa imekaa.

Halafu kuna ile "jana" imejibanza katikati. Hapa haina shida kubwa, aliwaambia jana, basi. Ila pima kwenye sentensi kama "Mwalimu alisema jana wanafunzi walichelewa". Alisema jana, au walichelewa jana? Neno la wakati likikaa katikati ya vitenzi viwili linavutwa na vyote. Ukitaka kusema jana ndo siku ya kusema, lipeleke mwanzo na uweke kwamba: "Jana mwalimu alisema kwamba wanafunzi walichelewa." Ukitaka siku ya kuchelewa, "Mwalimu alisema kwamba wanafunzi walichelewa jana." Kwaiyo jibu letu la mwisho kwa maana ya kwanza linakuwa "Jana mwalimu aliwaambia watoto wadogo wa wavuvi waje shule", na kwa ya pili unabadilisha fungu la katikati tu.

Tukiwa hapohapo kwenye vielezi, viwili vinaumiza watu, "sana" na "tu". Sana hufuata kile inachokikoleza. "Juma anapenda sana samaki wakubwa" ni mapenzi ndo makubwa, "Juma anapenda samaki wakubwa sana" masikio yanaenda kwa samaki, wakubwa sana, nguru wa kubebwa na watu wawili. Zote sahihi, ila sio kitu kimoja, na mtu akikuuliza tofauti uwe nayo. Tu ndo mjanja zaidi. "Mimi tu nilinunua dagaa", wengine hawakununua. "Nilinunua dagaa tu", sikununua kingine. "Nilinunua tu dagaa", hapa unaweza kusikia kwamba sikuwa na sababu yoyote, nimejinunulia. Kwaiyo kabla hujaweka tu jiulize unachotaka kukiwekea mpaka ni kipi, halafu iweke nyuma yake mara moja, usiitupe mwisho wa sentensi kwa mazoea.

Eneo la mwisho ambalo naona linawatoa watu jasho ni kitenzi chenye urejeshi ndani, aliye-, anacho-, aliyo-. Nomino inayorejelewa inatakiwa ishikane na hicho kitenzi, asiingie mtu katikati. Utakuta mtu ameandika "Mashua baba aliyoinunua imezama". Mtaani Tanga nzima tutaelewa, lakini kwenye karatasi ni "Mashua aliyoinunua baba imezama", mtenda anahamia nyuma ya kitenzi. Kama hupendi kumhamisha tumia ambayo: "Mashua ambayo baba aliinunua imezama", ambayo ndo inaishika mashua, baba anabaki mahali pake.

Lakini angalia tena ngeli. Kwenye mashua hakuna utata, a- ni ya baba na -yo- ni ya mashua, mashua haiwezi kumnunua baba. Sasa weka viumbe wawili: "Nimemwona mbwa aliyemuuma mtoto." Kwa kuwa mtenda anaruhusiwa kukaa nyuma ya kitenzi, hii sentensi inasema mbwa alimuuma mtoto na inasema pia mtoto alimuuma mbwa. Akili inakwambia ni ya kwanza, mtihani unakutaka uzione zote. Na ukiambiwa "yule kijana aliyempiga Juma" hata akili haikusaidii tena, anaweza kuwa yeyote kati yao. Kutoka hapo njia ni mbili. Kama Juma ndo aliyepiga, andika "yule kijana aliyepigwa na Juma" au "yule kijana ambaye Juma alimpiga". Kama kijana ndo aliyepiga, andika "yule kijana ambaye alimpiga Juma", au geuza uanze na Juma, "Juma alipigwa na yule kijana", ilimradi sentensi nzima isiharibike.

Kuna na zile za "chai imeingia nzi" na "mashua imeingia maji". Kwenye mtihani ukikutana nayo igeuze, "nzi ameingia kwenye chai", "maji yameingia kwenye mashua". Mimi binafsi naona ni sentensi halali ya Kiswahili, bibi zetu wote ndo wanavyosema na hakuna aliyewahi kudhani kikombe kimemfuata nzi, ila mashuleni inahesabiwa kosa la mantiki na maksi ni za kwako sio za bibi. Ila usichukue kanuni hiyo ukaenda nayo kwenye "gunia limejaa machungwa", hiyo ni sahihi, iache na machungwa yake ya Muheza.

Na hilo la kuacha nalo liangalie kabla hujakabidhi karatasi, maana mtu akishajua mambo haya anaanza kusahihisha mpaka visivyoumwa. "Huyu mtoto" na "mtoto huyu" zote sawa. "Jana alikuja" na "alikuja jana" zote sawa. Ukiambiwa sahihisha, gusa neno lenye tatizo, mengine yanakili kama yalivyo, nyakati zilezile, umoja na wingi uleule, kwa sababu ukibadilisha "walichelewa" kuwa "wamechelewa" wakati tatizo lilikuwa "jana", umeshaandika sentensi yako mwenyewe na ile ya kwenye swali bado haijasahihishwa.