Ukiskani msimbo wa QR wa cheti, soma anwani kabla ya kuamini tiki ya kijani

Ndugu zangu wa Kigoma mnaoajiri wauzaji wa duka la dawa na walimu wa shule binafsi, mraba mweusi na mweupe wa QR kwenye cheti ni anwani tu iliyochapwa, na aliyeghushi cheti anaweza kuchapa ya kwake. Simu ikisoma, usibonyeze kwanza. Tazama anwani mpaka mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, kisha isome kutoka kulia. Anwani ya taasisi ya serikali kama NECTA huishia na `.go.tz`. Chukua mfano huu wa kubuni:

`https://necta.go.tz.hakiki-vyeti.com/c/4471`

Jina la NECTA limo, lakini mwenye ukurasa ni `hakiki-vyeti.com`. Alama ya kufuli haisaidii hapo. Inaonyesha mawasiliano yamefungwa njiani, haisemi mwenye tovuti ni nani.

Ukibaki na shaka, andika mwenyewe anwani ya taasisi, uingize namba ya cheti kwa mkono. Kwenye ukurasa unaoushuku, ingiza namba ya ovyo kabisa. Ukikujibu tena kwamba cheti ni halali, hapo hakuna kumbukumbu inayotafutwa. Na hata ukurasa wa kweli ukikubali, linganisha jina na mwaka na karatasi, maana namba halali ya mtu mwingine hunakiliwa.