Jina la filamu fupi ya hali halisi: kudokeza bila kumwaga mwisho

Filamu yangu ya kwanza niliiita "Upande wa Pili". Ilikuwa ya dakika 11, juu ya mwogeleaji aliyejaribu kuvuka ziwa usiku, na kila kilichokuwamo kilitegemea swali moja: atafika au hatafika? Baada ya onyesho la kwanza mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu jina lilishamwambia kijana atafika. Nilikuwa nimehariri miezi minne kujenga wasiwasi ule, na maneno matatu yameuvunja kabla taa hazijazimwa.

Tangu hapo nina utaratibu. Nitauonyesha kwa filamu moja tu, ya dakika 18, niliyomaliza baadaye. Mhusika ni fundi saa mzee anayefunga karakana yake. Kwenye droo ana saa 11 ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, naye anaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Moja kati ya hizo ni saa ya mkono ya kutia ufunguo. Saa za namna hiyo zikijazwa hutembea siku moja na nusu hivi, kwa hiyo fundi ameitia ufunguo kila asubuhi kwa miaka tisa ili isisimame. Hatimaye anakuja kijana, mtoto wa mwenye saa. Anasema baba yake alifariki usiku wa kuamkia siku aliyoahidi kuipitia.

Hatua ya 1: andika swali na jibu, kila kimoja kwa sentensi yake

Chukua karatasi. Juu andika swali ambalo mtazamaji analibeba kuanzia dakika za mwanzo. Chini andika jibu analolipata mwishoni. Kwangu swali lilikuwa: "Kwa nini mwenye saa hii hakurudi?" Jibu: "Alikufa kabla ya siku ya kuichukua."

Ukishindwa kuandika swali, shida yako si jina, rudi kwenye uhariri. Ukiweza, andika chini yake sentensi ya tatu: filamu inahusu nini hasa, ukiacha matukio? Yangu inahusu ahadi ndogo ambazo watu huwekeana bila kufikiri, na mtu aliyeishika ya mwenzake. Jina linatakiwa kugusa sentensi hii ya tatu, likae karibu na swali, na lisikaribie jibu.

Hatua ya 2: tenga maneno yanayotoka kwenye jibu

Andika majina yote yanayokujia, hata ya ovyo, kisha uliza kila moja: mtu ambaye hajaona dakika tatu za mwisho angeweza kulitunga? Kama hawezi, jina hilo limechota kutoka kwenye jibu. Lifute bila huruma.

"Saa ya Marehemu" liliondoka mara moja. "Urithi" lilinidanganya kwa siku mbili kwa sababu linasikika zito na zuri, lakini hakuna urithi bila kifo, na hakuna mrithi bila mtoto. Limemwaga vitu viwili kwa neno moja. "Saa Isiyo na Mwenyewe" ndilo nililolipenda zaidi. Nililitetea mbele ya mhariri wangu hadi akaniuliza, "Unajuaje kwamba haina mwenyewe?" Nilijua kwa sababu nilishaona mwisho.

Upande mwingine kuna majina yasiyomwaga chochote kwa kuwa hayana chochote. "Fundi Saa" linataja mada, halidokezi. "Muda" linaweza kubandikwa kwenye filamu yoyote duniani. Hayo nayo futa, ila usijilaumu, kila mtu huanzia huko.

Hatua ya 3: chimba ndani ya mahojiano

Majina mazuri mara nyingi yapo tayari kwenye video zako, yamesemwa au kuandikwa na mtu ambaye hakujua anataja jina la filamu. "Man on Wire" ya mwaka 2008, inayomhusu Philippe Petit aliyetembea juu ya waya kati ya minara miwili ya New York mwaka 1974, ilipata jina kutoka kwenye maneno ya ripoti ya polisi. Askari aliandika alichokiona tu.

Chapisha maandishi ya mahojiano yote, kisha uyasome na kalamu mkononi. Pigia mstari maneno ya kawaida yenye uzito kidogo, si ya kishairi. Mhusika akianza kusema kwa hekima, kwa kawaida anajumlisha, na akijumlisha yuko karibu na jibu. Mimi hutafuta kwenye theluthi mbili za mwanzo za filamu, kwa sababu neno lililotoka hapo haliwezi kujua mwisho.

Usiishie kwenye sauti. Kwenye filamu yangu jina halikusemwa na yeyote. Kila saa kwenye droo ilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, na fundi alikuwa ameandika maelekezo ya kazi: "kioo", "mkanda mpya", "inachelewa". Kwenye ile ya kutia ufunguo aliandika: "Ataipitia Jumamosi." Kinaonekana kwenye dakika ya tatu, katikati ya vikaratasi vingine, na hakuna anayekitilia maanani.

Hatua ya 4: pima kitenzi silabi kwa silabi

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kukusaliti au kukuokoa, maana kitenzi chetu hubeba mtu, wakati na kitu kwa pamoja.

Kiambishi cha wakati ndicho hatari zaidi. "Li" hufunga jambo. "Aliahidi Kurudi" lilikuwa kwenye orodha yangu, na ukilisoma kwa sauti utasikia "lakini" inaning'inia nyuma yake. Msikilizaji anajua hakurudi. "Me" ni mbaya zaidi, kwa sababu inatoa matokeo: "Amerudi" ni jibu tupu. "Ta" huacha mlango wazi: anayesema "atapitia" hajui zaidi ya unachojua wewe. Kitenzi-jina kama "Kungoja" huficha mtu na wakati, ni salama, ila mara nyingi hupoa.

Angalia pia nafsi. "Aliyebaki" linatangaza kwamba kabaki mmoja. Kama filamu yako ina watu wanne kwenye mashua, umeshawaua watatu.

Sasa kitu chenyewe. Mwanzoni nilipunguza maneno ya kikaratasi yakawa "Atapitia Jumamosi", nikidhani jina fupi ni bora. Niliwajaribia watu na wote walifikiria mgeni au mchumba anayekuja kumwona mtu. Niliporudisha ile "i" moja, ikawa "Ataipitia", mambo yakageuka. Sasa kuna kitu kinachosubiri kuchukuliwa, na mtu huuliza mwenyewe, "Ataipitia nini?" Herufi moja ilihamisha jina kutoka kwenye mapenzi hadi kwenye droo ya fundi.

Hatua ya 5: jaribu kwa makundi mawili, na usiwachanganye

Tafuta watu sita ambao hawajaona filamu na hawajawahi kukusikia ukiieleza. Wape jina na sentensi moja ya maelezo, kisha uliza swali moja: "Unadhani mwishoni kutatokea nini?" Usiulize kama wanalipenda. Watakuambia wanalipenda, ni watu wazuri.

Ukipata majibu yanayotofautiana, jina linafanya kazi. Kwa "Saa Isiyo na Mwenyewe", watano kati ya sita walisema mwenye saa amekufa. Kwa "Ataipitia Jumamosi", wawili walidhani mwenye saa atakuja na kugombana na fundi, mmoja alisema amehama, mmoja alisema hana pesa za kulipa, mmoja alisema kafa, na wa mwisho alicheka akasema fundi ameiuza. Mmoja kukisia sawa hakunisumbui, kwa kuwa kifo ni jibu linalowezekana siku zote. Tatizo ni wengi wakikubaliana.

Kundi la pili waonyeshe filamu nzima, tena bila kuwaambia jina. Funika bango la jina. Mwishoni waambie jina na uwatazame usoni kabla hawajasema neno. Ukiona mtu amenyamaza kidogo au amerudisha kichwa nyuma, neno lilelile limembadilikia maana. Akikuuliza "kwa nini Jumamosi?", ujue kikaratasi hakikuonekana vya kutosha, na dawa iko kwenye uhariri. Wawili kati ya watano waliniuliza hivyo. Nilirefusha shoti ya kikaratasi kutoka sekunde moja na nusu hadi tatu.

Hatua ya 6: bango la jina liwekwe wapi

Nilijaribu kuliweka mara baada ya kikaratasi, nikaona ninamshika mtazamaji mkono na kumwonyesha kidole: kumbuka hii! Nikalirudisha nyuma, sekunde ya 50, juu ya mkono wa fundi ukitia ufunguo. Jina linapita kwanza, kikaratasi kinakuja dakika mbili baadaye, na anayekigundua anafurahi kwamba kagundua mwenyewe. Wengine huliweka mwishoni kabisa. Inafaa tu ikiwa mtazamaji hakulisoma mahali pengine kabla, na karibu siku zote ameshalisoma.

Hatua ya 7: kagua vilivyo pembeni ya jina

Jina haliendi peke yake. Lisome pamoja na maelezo ya sentensi moja na picha ya jalada, kama mtu asiyekujua. Mimi nilikuwa na jina salama na picha ya kijana akiwa ameshika saa huku akilia. Picha hiyo ilitoka dakika ya 16. Niliiondoa, nikaweka droo iliyo wazi.

Tafuta pia kama kuna filamu nyingine fupi yenye jina hilo. Katika nchi nyingi jina peke yake halilindwi na hakimiliki, lakini mtazamaji akikutafuta akampata mwingine, umempoteza.

Tafsiri ilinipa tabu nisiyoitarajia. Kiswahili kinaposema "ata" hakisemi ni mwanamume au mwanamke, wakati lugha nyingi zinalazimisha kuchagua, nami sikutaka mtu ajue mwenye saa alikuwa baba kabla kijana hajaingia. Kwa nakala zenye tafsiri tuliacha neno moja tu, Jumamosi, likiwa jina zima.

Na kabla ya kutuma faili popote, angalia linaitwaje. Langu lilipakiwa kwa tamasha la kwanza likiwa bado na jina nililolipa siku ya kwanza ya uhariri, na kila mwamuzi aliyelifungua alilisoma juu ya dirisha la video:

```
saa_ya_marehemu_final2.mp4
```