Somo: Kuandika kihatarishi kwenye rejista bila kuchanganya mambo

Wakuu, huu ni mstari wa aina inayoonekana kwenye rejista nyingi za vihatarishi: "Hatuna mtu wa pili wa mishahara, Mkuu wa Utumishi aajiri msaidizi mishahara isije ikachelewa." Humo mna sababu, athari, mhusika na suluhisho. Tukio lenyewe halimo, na tukio ndilo tunalolipimia uwezekano.

Hatua ya kwanza, funika jina la mhusika na suluhisho. Hayo yana safu zake, na hubadilika: mtu huhamishwa, kazi hukamilika. Maelezo ya kihatarishi yasitegemee hayo.

Pili, andika sababu kama jambo lililopo leo, linaloweza kuthibitishwa: "Mtumishi mmoja tu ndiye anayejua kuendesha mfumo wa mishahara, na utaratibu wake haujaandikwa popote."

Tatu, tukio. Hapa ndipo wengi huteleza. Liandikwe kwa "huenda" au "anaweza", kwa kuwa halijatokea: "Mtumishi huyo anaweza kukosekana siku za kuandaa mishahara." Kama tayari yuko likizo ndefu na hakuna wa kushika nafasi yake, hicho si kihatarishi tena. Ni tatizo, lihamishie kwenye orodha ya matatizo.

Nne, athari kwenye lengo: "Mishahara ichelewe, makato yawasilishwe baada ya tarehe na taasisi itozwe faini." Alama ya ukubwa wa madhara hutoka hapa.

Sasa jaza upya safu za ulivyofunika. Mmiliki: Meneja wa Fedha. Hatua: kuandika utaratibu, kisha kumfundisha mtumishi mwingine aliyepo na kumwachia aendeshe mwezi mmoja akisimamiwa. Tazama, ajira mpya haihitajiki tena. Ile "hatuna mtu wa pili" ilikuwa suluhisho lililovaa nguo za sababu.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo kuanza na "ukosefu wa…" ni kosa?
Jibu: Si mara zote, ila nashuku kila nikiiona. Jiulize, kinachokosekana ndicho ulichokwisha kuamua kukinunua? Kama ndicho, andika hali iliyopo badala yake.

Swali: Mfumo wenyewe nao unaweza kuzimika siku hizohizo. Niuongeze kwenye mstari huo?
Jibu: Hapana, fungua mstari mwingine. Athari zinafanana, lakini tukio ni jingine na uwezekano wake ni mwingine. Sababu mbili za tukio lilelile zinaweza kukaa pamoja.

Swali: Anayeandika huo utaratibu ndiye mmiliki?
Jibu: Si lazima. Mmiliki ni mwenye mamlaka ya kuamua na kujibu kuhusu kihatarishi chote. Mtekelezaji huandikwa kando ya hatua yake, pamoja na tarehe ya mwisho. Kwa mfano wetu, mtumishi wa mishahara ndiye ataandika, na Meneja wa Fedha ndiye ataulizwa kama haujaandikwa.