Kubadilisha bidhaa kwenye picha ya duka la mtandaoni huku pembe na mwanga vikibaki vilevile

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Picha ya zamani ina chupa ya losheni ya bluu, urefu sentimita 18, imesimama juu ya ubao wa mbao na kando yake kuna taulo iliyokunjwa. Sasa imetoka aina ya kijani: umbo lilelile, kifuniko cheupe kilekile, lebo mpya. Taulo, ubao na mwanga vinatakiwa vibaki kama vilivyo.

Wengi hukimbilia kugeuza bluu kuwa kijani kwenye kompyuta. Hapa haifai, kwanza kwa sababu lebo imebadilika, na pili kwa sababu kijani utakachokibuni kwenye skrini sicho kilicho kwenye chupa, na mteja ataona tofauti akifungua kifurushi. Piga chupa mpya picha yake, kisha uipandikize kwenye picha ya zamani. Ukiipiga vizuri, kazi ya kompyuta ni ndogo. Ukiipiga vibaya, hakuna ufundi wa kompyuta utakaoiokoa, hasa pembe.

Hatua ya 1: Soma picha ya zamani ilipigwaje

Tafuta faili halisi lililotoka kwenye kamera. Picha iliyopakuliwa dukani mara nyingi imepunguzwa, imekatwa pembeni na taarifa zake zimefutwa. Kwenye faili halisi, amri hii ya programu ya ExifTool itakuonyesha mipangilio:

```
exiftool -FocalLength -FNumber -ExposureTime -ISO -WhiteBalance -ImageSize picha.jpg
```

Tuseme inasema lenzi 50 mm, f/8, ISO 100, ukubwa 6000x4000. Andika zote, kwa sababu utazirudia kwa mkono kwenye kamera bila kuiachia ijichagulie yenyewe.

Taarifa hizo hazisemi kamera ilisimama wapi, na hilo ndilo linaloamua pembe. Lenzi yenyewe huamua tu ni sehemu gani ya mandhari inaingia kwenye fremu. Umbo la chupa linatokana na umbali na kimo cha kamera. Vyote viwili unaweza kuvipata kwenye picha.

Anza na umbali. Pima urefu wa chupa kwa pikseli. Kwenye mfano wetu ni 1,700 kati ya 4,000 za kimo cha picha. Kihisi cha kamera ndogo ya APS-C kina kimo cha milimita 15.6 hivi (cha fremu kamili ni 24), kwa hiyo kwenye kihisi chupa ina 1,700 ÷ 4,000 × 15.6, yaani milimita 6.6. Umbali ni lenzi mara urefu halisi, gawa kwa urefu huo: 50 × 180 ÷ 6.6, karibu milimita 1,360. Kamera ilikuwa kama sentimita 136 kutoka kwenye chupa. Hesabu hii ni ya picha ambayo haijakatwa. Ikiwa imekatwa, kimo cha 4,000 si cha kihisi kizima tena na jibu litakudanganya.

Kimo cha kamera kinasomeka kwenye kifuniko. Kifuniko ni duara, lakini ukikitazama kutoka juu kidogo kinaonekana duaradufu. Pima upana wake na kimo chake: 380 kwa 66. Gawa 66 kwa 380 upate 0.174. Zidisha uwiano huo kwa umbali: 136 × 0.174, karibu sentimita 24. Lenzi ilikuwa sentimita 24 juu ya usawa wa kifuniko. Huhitaji kikokotoo cha pembe.

Hatua ya 2: Simamisha kamera na uhakikishe

Weka chupa mpya, weka kamera kwenye stendi kwa vipimo hivyo, na uhakikishe chupa inakaa sehemu ileile ya fremu. Ikiwa ya zamani ilikuwa theluthi ya kushoto, usiiweke hii katikati ukidhani utaisogeza baadaye. Kitu kilicho pembeni huonekana kwa upande mwingine kidogo, na kamera iliyoinama chini hulaza mistari ya wima kuelekea katikati.

Piga ya majaribio, kisha upime duaradufu ya kifuniko tena. Ukipata 0.19 badala ya 0.174, kamera imekaa juu mno kwa 136 × 0.016, yaani sentimita mbili na kidogo. Ishushe. Ukikosea sentimita moja hakuna atakayeona. Ukikosea tano, chupa itaonekana kama inaanguka mbele ya taulo, na mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Ikiwa aina mpya ni ndefu kuliko ya zamani, usisogeze kamera ili ijae fremu vilevile. Acha ionekane ndefu. Duaradufu ya kifuniko chake itakuwa nyembamba zaidi kwa sababu kiko karibu na usawa wa lenzi, kwa hiyo hapo pima ukingo wa chini wa chupa badala ya kifuniko.

Hatua ya 3: Rudisha mwanga kwa kufuata mng'ao

Kivuli kitakuambia mwanga ulitoka upande gani, lakini kwa pembe ya chini namna hii urefu wake hauaminiki, maana kivuli kinachokuja upande wa kamera huonekana kimefupishwa. Kilicho bora ni mstari wa mng'ao kwenye mwili wa chupa. Huo ni sura ya taa yenyewe inayoonekana kwenye plastiki.

Kwenye picha yetu mng'ao unaanza asilimia 12 ya upana wa chupa kutoka kushoto na kuishia asilimia 26. Washa taa moja yenye kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga upande wa kushoto, kisha angalia kwenye skrini ya kamera. Mstari ukikaa karibu mno na katikati, taa imesogea mno upande wa kamera, irudishe nyuma. Ukibana kwenye ukingo na kuwa mwembamba, taa imeenda nyuma mno. Ukiwa mahali pake lakini mwembamba kuliko wa zamani, sogeza taa karibu. Ukiisogeza hivyo kivuli nacho kitakuwa na ukingo laini zaidi, kwa hiyo vitazame vyote viwili kwa pamoja.

Mwisho angalia upande wa giza. Ukiwa mweusi kuliko kwenye picha ya zamani, simamisha kadi nyeupe kulia na uisogeze mpaka ufanane.

Kitu kinachosahaulika ni meza. Plastiki inayong'aa huchukua rangi ya kilicho chini yake. Sentimita mbili za chini za chupa kwenye mbao huwa na hudhurungi kidogo. Ukiipiga kwenye karatasi nyeupe kisha kuipandikiza juu ya ubao, chini patakuwa na weupe usio na chanzo. Tumia ubao uleule, au wowote wenye rangi inayokaribiana.

Piga kwa RAW picha tatu bila kugusa kamera wala taa: moja ya chupa, moja ya chupa ikiwa na kadi ya kijivu mbele yake, na moja ya ubao mtupu. Hiyo ya mwisho itakufaa kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 4: Ondoa chupa ya zamani na alama zake

Maelezo haya ni ya GIMP. Programu nyingine zina vifaa vilevile. Fungua picha ya zamani, rudufu leya, kisha uweke leya ya ubao mtupu juu yake. Kwa barakoa ya leya, onyesha ubao mtupu mahali chupa na kivuli chake vilipokuwa tu. Mistari ya mbao isipokutana, maliza kwa Clone kwa kuchukua mbao kutoka kwenye picha ya zamani yenyewe.

Hapa angalia rangi. Chupa ya bluu ilirusha ubluu kwenye ubao na kwenye ukingo wa taulo. Usipouondoa, chupa ya kijani itakuwa imesimama kwenye mwangaza wa bluu, na hilo ndilo kosa linalobaki kwenye picha nyingi zilizopandikizwa vizuri kwa mengine yote. Tengeneza leya mpya kwenye hali ya HSL Color, chukua rangi ya mbao au taulo mbali na chupa, na upake kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 30 hivi.

Hatua ya 5: Pandikiza chupa mpya

Leta picha mpya kama leya na uishushe Opacity hadi 50. Linganisha ukingo wa chini kwanza, kisha kifuniko. Ukihitaji kuikuza au kuipunguza kwa asilimia mbili au tatu, ni sawa, mradi upana na urefu viende pamoja. Ikitaka zaidi ya hapo, umbali haukuwa sahihi. Rudi kwenye kamera. Kuvuta upande mmoja tu huharibu duaradufu uliyoihangaikia.

Kata kwa Paths. Pitisha mstari pikseli moja ndani ya ukingo, ubadilishe kuwa uteuzi, uulainishe kwa Feather ya pikseli 1, kisha uongeze barakoa. Ukingo mkali kama wembe hufichua mkato kwa sababu lenzi haikutoa ukingo wa namna hiyo popote pengine kwenye picha.

Kivuli kimekuja pamoja na picha mpya, kwa hiyo usikitupe. Rudufu leya, iweke chini ya chupa, na kwa barakoa ya brashi laini acha kivuli tu kionekane. Chunguza pale chupa inapogusa ubao: panatakiwa pawe na mstari mwembamba wa giza. Ukikosekana, chupa huelea. Ongeza kwa brashi ndogo, kwa rangi uliyoichukua kwenye kivuli cha taulo. Usitumie nyeusi tupu.

Hatua ya 6: Sawazisha rangi kwa kifuniko

Kabla ya yote, RAW ya chupa mpya iwe imesawazishwa kwa kadi ya kijivu. Kisha tumia Color Picker yenye Sample average kwenye kifuniko cheupe, mahali palepale katika picha zote mbili. Tuseme ya zamani inatoa 231, 229, 222 na mpya 224, 226, 228. Ya zamani ina joto kidogo, mpya ina ubaridi. Kwenye Curves pandisha nyekundu, pandisha kidogo chaneli ya kijani, na ushushe bluu mpaka kifuniko kifikie namba za zamani, basi. Usiendelee kuigusa kijani ya chupa kwa macho ili "ipendeze" na taulo. Kifuniko kikishalingana, kijani kilichopo ndicho kitakachoonekana chini ya taa ile.

Ukitaka kuhakiki, geuza picha kushoto-kulia na uitazame ikiwa na upana wa pikseli 200, kama mteja atakavyoiona kwenye orodha. Kisha iondoe rangi kwa muda. Chupa iliyo nyeupe au nyeusi mno kuliko taulo itajitokeza mara moja.

Unapohifadhi, badilisha kwanza kuwa sRGB kupitia Image > Color Management > Convert to Color Profile. Faili likibaki kwenye Adobe RGB na duka likafuta wasifu wa rangi, kijani kitapauka kwenye simu huku kwenye kompyuta yako kikionekana sawa, na utaanza kutafuta kosa kwenye Curves ambako halipo.

Njia hii haifai kwa chupa za kioo angavu: ubao na taulo vinaonekana kupitia ndani yake, vikiwa vimepinda, na picha iliyopigwa bila taulo haina cha kuonyesha. Kwa hizo, panga mandhari yote upya na upige mara moja.