Mshale Usiposhuka, Usishangilie: Kupima Magneto Kabla ya Kuruka

Mambo mepesi kwanza. Geuza pua ielekee upepo, kanyaga breki, hakikisha nyuma yako hakuna mtu wala kokoto. Subiri oili ipate joto. Asubuhi za Juni pale Nduli, Iringa, hilo lina muda wake. Uwanja uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo punguza mafuta kidogo kabla ya kupima. Ukiacha yawe mengi, plagi zitashika masizi, injini itamisi, nawe utaisingizia magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa ndege ya Cessna 172N, ongeza kasi ya injini hadi mshale wa mizunguko usome 1,700 kwa dakika. Geuza ufunguo kwenye R, ibaki magneto ya kulia peke yake, soma, rudisha BOTH ziwe zote mbili, kisha L, ya kushoto. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja na magneto yake. Ukibaki na moja, mafuta yanaungua polepole zaidi, kwa hiyo mshale lazima ushuke: usishuke zaidi ya mizunguko 125, na tofauti ya pande mbili isizidi 50. Ukishuka huku injini inatetemeka, shuku plagi chafu.

Na usiposhuka kabisa? Hapo ndipo nilipoumbuka, fundi mzima.

Rubani mmoja kijana aliniambia, "Fundi, injini ya leo tamu, kwenye R haijashuka hata kidogo." Nikacheka, nikamwambia safari njema. Akaenda Songwe, akarudi, akazima kwa kukata mafuta kama kawaida, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Mimi nikashika propela niilaze vizuri. Nikasikia "tak", kisha injini ikakohoa, propela ikaruka nusu mzunguko. Kifungo cha mkono wa ovaroli langu sikukiona tena.

Ufunguo mfukoni, na injini imewaka! Magneto haitegemei betri. Inajitengenezea umeme kwa sumaku inayozunguka. Ufunguo hauikatii umeme, unaizima kwa kuiunganisha na bodi kupitia waya mmoja. Waya ule wa magneto ya kushoto ulikuwa umekatika pale kwenye kichwa chake, ndani ya ganda; kwa macho ulionekana mzima mpaka nilipouvuta. Kwenye R magneto ya kushoto ilipaswa kunyamaza, lakini ikaendelea kufyatua cheche, na ndiyo maana mshale haukushuka. Ile "tak" ni springi yake, inayoipa cheche kali hata ukizungusha kwa mkono.

Kwa hiyo mshale ukigoma kushuka, usiruke, muite fundi. Kabla ya kuzima, injini ikiwa taratibu kabisa, gusa OFF kwa sekunde moja kisha rudisha BOTH: isipoonyesha dalili ya kufa, kuna magneto iliyo hai. Watoto wanaokuja kupiga picha wakae mbali na propela. Na wewe mwenye kupenda kuiegemea ukiongea na simu, toka hapo.