SOMO: Akwaponiki kwa maji yetu ya maweni, kutoka punje ya chakula cha samaki mpaka jani la mchicha

Asalaam alaykum wanadarasa. Akwaponiki ni kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale. Wengi mnaniuliza idadi ya samaki, "maalim niweke samaki wangapi ili mboga zikue". Mie naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza, manake kinacholisha mboga si samaki, ni chakula unachompa samaki. Samaki mia wasiokula hawana wanachokipa mchicha. Kwa hio leo tunakifata kile chakula tu, gramu kwa gramu, kinaingia wapi kinatokea wapi, na mwisho tutaona kwa nini sie wa Unguja hasa upande wa maweni, Makunduchi, Jambiani, Chwaka huko, tunasumbuliwa na kitu ambacho vitabu vingi vinakipitia juu juu.

Mfano wetu ni tangi la lita 1000, perege 40 wa gramu 50 kila mmoja, na kitanda cha kokoto cha kupandia mboga, kina cha sentimita 30, pampu inapandisha maji kitandani yanarudi tangini.

HATUA YA 1: Hesabu chakula

Perege 40 mara gramu 50 ni kilo 2. Samaki wa umri huo anakula kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, kwa hio ni gramu 60. Sasa kwa mboga za majani, mchicha, chainizi, saladi, mita mraba moja inataka chakula cha samaki cha gramu 40 mpaka 50 kwa siku. Ukigawa 60 kwa 45 unapata mita mraba moja na kidogo. Hio ndo sehemu ya kupanda mwanzoni, hata kama kitanda chako ni kikubwa zaidi.

Samaki wakifika gramu 200 watakuwa kilo 8, wanakula kama asilimia 2, yaani gramu 160, hapo unaweza kupanda mita mraba tatu na nusu. Jenga kitanda cha samaki wakubwa ila panda kwa hesabu ya samaki wadogo, ukijaza miche yote siku ya kwanza itakaa rangi ya manjano halafu utaanza kutafuta mchawi.

HATUA YA 2: Jua gramu 60 zinageuka nini

Tuseme chakula kina protini asilimia 32. Gramu 60 zina protini kama gramu 19, na ndani ya protini naitrojini ni kama asilimia 16, kwa hio ni gramu 3 za naitrojini kwa siku. Samaki anabakisha mwilini kama thuluthi moja, ndo nyama yake hio. Zinazobaki, gramu 2 hivi, zinatoka, na hapa wengi hawajui, kinyesi ni sehemu ndogo, nyingi inatoka kwenye matamvua kama amonia, samaki anapumua tu na amonia inatoka. Ndo maana hata ukichota kinyesi chote kila siku maji bado yanaweza kuwa sumu.

Ukichukua gramu moja na nusu ya amonia ndani ya lita 1000, ni miligramu 1.5 kwa lita kwa siku moja tu, kama hakuna kitu cha kuiondoa.

HATUA YA 3: Tengeneza bakteria kabla ya kuleta samaki

Kuna kundi la bakteria linageuza amonia kuwa nitriti, na kundi jengine linageuza nitriti kuwa nitreti. Amonia na nitriti zote mbili zinaua samaki, nitreti haimuudhi samaki mpaka iwe nyingi sana na ndo chakula kikuu cha mboga. Bakteria hawa wanakaa juu ya kokoto, wanataka hewa nyingi na giza, na wanakua polepole, kwa joto letu la digrii 26 mpaka 29 ni wiki tatu mpaka sita.

Jaza maji, washa pampu, usiweke samaki. Kama ni maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwanza yapigwe hewa siku moja mbili. Kila siku tia kijiko cha chai cha chakula cha samaki kilichosagwa, kitaoza kitoe amonia. Pima maji kwa kipimo cha matone kila siku mbili na andika kwenye daftari. Utaona amonia inapanda, ikianza kushuka nitriti inapanda, halafu nitriti nayo inashuka na nitreti inapanda. Amonia ikifika miligramu 4 kwa lita usitie chakula tena mpaka ishuke. Mfumo uko tayari siku ambayo umetia chakula, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote ziko karibu na sifuri wakati nitreti ipo. Msiende kwa kalenda jamani, nendeni kwa kipimo.

HATUA YA 4: Pima pH, na ijaribu kokoto yako kwa siki

Hapa ndo pa kwetu. Maji ya visima vya maweni yamepita kwenye mawe ya chokaa, pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikiwa chini asidi ni nyingi, mara nyingi inakwenda 7.5 mpaka 8 na inagoma kushuka. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja inamdhuru samaki na moja haimdhuru sana, na pH ndo inaamua. Kwa joto la digrii 28, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja. pH ikiwa 8 ni zaidi ya asilimia 6. Chukua ile miligramu 1.5 yetu, kwa pH 7 sumu ni kama 0.01, kwa pH 8 ni 0.1, mara tisa kumi zaidi, na samaki anaanza kuumia hata chini ya hapo. Amonia ile ile, chakula kile kile, mwenye kisima cha maweni anazika samaki na mwenye maji ya mvua hajui hata kama pana tatizo.

Halafu watu wanaongeza ubaya kwa kujaza kitanda kokoto za mawe ya matumbawe kwa sababu ndo zipo karibu na bei nafuu. Chukua kokoto chache zilizokauka zimwagie siki. Zikitoa povu ni chokaa, zitapandisha pH mwaka mzima, usizitumie kujaza kitanda. Tumia kokoto nyeusi ngumu zisizotoa povu, au vifuniko vya chupa za plastiki kwenye pipa la filta.

Kushusha pH njia ninayoipenda mie ni maji ya mvua. Kinga masika na vuli, changanya na ya kisima polepole siku kwa siku, lengo lako ni 6.5 mpaka 7. Usitumie mvua tupu, manake bakteria wenyewe wanapofanya kazi wanatoa asidi, maji yasiyo na chokaa kabisa yanaweza kuporomoka chini ya 6 na bakteria wanalala. Ikitokea hivo ndo lile tumbawe linapata kazi, funga konzi mbili kwenye kifuko cha wavu ning'iniza tangini, pH ikirudi toa.

HATUA YA 5: Soma majani

Chakula cha samaki kinaleta karibu kila kitu mboga inachotaka, ila kinapungukiwa chuma, potasiamu na kalsiamu. Kalsiamu sie maji yetu yanayo. Tatizo letu ni chuma, kwa sababu kwenye pH ya juu hata kilichomo kinaganda na mizizi haikipati. Dalili yake, majani MACHANGA ya juu yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani. Kama manjano imeanzia majani ya chini yaliyozeeka na jani lote limepauka, hio ni naitrojini, ina maana umepanda mboga nyingi kuliko chakula unachotoa. Tofautisheni hivi viwili kabla hamjanunua chochote.

Maswali ya wanachama

Swali (Makunduchi): Maalim mie nimenunua dawa ya chuma dukani nimetia mara mbili majani bado manjano, pH yangu 7.8, nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa ndugu yangu, angalia pakiti imeandikwa nini. Ikiwa EDTA hio haishiki chuma kwenye pH yako, kinaachia na kinaganda. DTPA inafika kama 7.5. Kwa 7.8 tafuta iliyoandikwa EDDHA. Kipimo ni miligramu 2 za chuma kwa lita, tangi la lita 1000 ni gramu 2 za chuma, na kama pakiti ina chuma asilimia 6 unapima gramu 33, unarudia baada ya wiki tatu hivi. Maji yatakuwa mekundu, usishtuke, samaki hawadhuriki. Huku ukiendelea kushusha pH.

Swali (Wete): Nina mbuzi wengi, siwezi kutia mbolea yao tangini ili mboga ishibe haraka?

Jibu: Hapana dada, hata kidogo. Mavi ya mnyama yana vijidudu vya kuharisha na maji haya yanagusa mboga watu wanazokula mbichi. Isitoshe utapandisha amonia ghafla. Mbolea ya mbuzi peleka shambani.

Swali (Jambiani): Kisima chetu kina chumvi kidogo, ukionja unaisikia. Perege wanaishi vizuri tu, itafaa?

Jibu: Perege atavumilia, mboga ndo itakataa, saladi ya kwanza. Kama ulimi unaisikia basi changanya na maji ya mvua kwanza. Na kumbuka tangi linavukiza, maji yanaondoka chumvi inabaki, kwa hio ujazie kwa maji ya mvua, si ya kisima.

Swali (Mkoani): Umeme ukikatika usiku kucha bakteria si watakufa? Nianze upya wiki sita?

Jibu: Wa kumuwahi kwanza ni samaki, anaishiwa hewa ndani ya saa chache wakiwa wengi tangini. Ukiwaona wamepanda juu wanahema kwa mdomo, chota maji kwa ndoo yamwage kwa juu, rudia rudia, au weka kipampu cha hewa cha betri. Bakteria kokoto zikibaki na unyevu wanavumilia usiku mmoja. Umeme ukirudi usilishe siku hio, pima amonia na nitriti asubuhi, zikiwa chini rudisha chakula nusu, kesho yake pima tena ndo ufike gramu zako 60. Zikiwa juu badilisha robo ya maji na usilishe mpaka zishuke.